Jinsi ya Kumwomba Mwenye Nyumba Ruhusa ya Kushonea Nguo Chumbani: Mwongozo kwa Mpangaji wa Mwanza

Mwongozo huu ni wa fundi cherehani aliyepanga chumba kimoja katika nyumba ya watu wengi, yenye uani mmoja, choo kimoja na mita moja ya LUKU, naye anataka kuanza kushona humo humo badala ya kukodi fremu barabarani. Nyumba za namna hiyo ni nyingi Mabatini, Igogo, Kirumba, Nyakato na Igoma. Anayesuka nywele atapata humu sehemu kubwa ya anachokihitaji, na pale ambapo kazi yake inatofautiana na ya fundi nguo nitaeleza.

Nimechagua kukaa zaidi kwenye jambo moja, nalo ni umeme wa kuchangia, kwa sababu maombi mengi ya aina hii hukwama hapo. Mwenye nyumba hakatai cherehani kwa kuwa anaichukia kazi ya ushonaji. Anakataa kwa sababu anajua kwamba mwezi wa pili wapangaji wanne watamfuata nyumbani kwake wakilalamika kuwa umeme unaisha mapema, naye hatakuwa na jibu. Ukimpelekea jibu hilo kabla hajaulizwa, umeondoa nusu ya sababu zake za kukataa.

Hatua ya kwanza: jua mwenye mamlaka ya kukuruhusu, na mkataba wako unasema nini

Tafuta mkataba wako na uusome wote, hata kama ni karatasi moja iliyonunuliwa dukani na kujazwa kwa kalamu. Mikataba mingi ya vyumba ina kifungu kinachosema chumba kitatumika kwa makazi tu, au kinachomkataza mpangaji kubadili matumizi ya chumba bila idhini ya maandishi. Kifungu cha namna ya pili kinakusaidia kuliko unavyodhani, kwa kuwa kinakiri kwamba idhini inaweza kutolewa na kinaeleza itolewe vipi. Kama mlikubaliana kwa mdomo tu, kumbuka ulijitambulisha vipi siku ya kwanza. Ukisema ulikuwa unafanya kazi Mwaloni na sasa unaomba kushona chumbani, mwenye nyumba ana haki ya kukuuliza kilichobadilika.

Kisha hakikisha unamwomba mtu sahihi. Dalali aliyekutafutia chumba hana mamlaka yoyote juu ya matumizi yake. Mpangaji mkongwe anayekusanya fedha za LUKU naye hana. Mtoto wa mwenye nyumba anayekuja kupokea kodi anaweza kuwa na mamlaka au asiwe nayo, na njia nyepesi ya kujua ni kuangalia nani alisaini mkataba. Jihadhari zaidi na nyumba ambayo mwenyewe amefariki na ndugu hawajagawana, kwa sababu ruhusa ya ndugu mmoja inaweza kufutwa na mwingine kesho yake. Katika nyumba hiyo, mtu wa kumwomba ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na si vibaya kuomba kwa heshima uonyeshwe barua yake.

Hatua ya pili: pima kazi yako kabla hujaitaja kwa mtu

Hapa ndipo ninapomtaka msomaji atulie na kalamu na daftari. Ombi linalosema “nataka kufungua biashara ndogo ya kushona” linamwachia mwenye nyumba nafasi ya kuwaza mabaya yote: mafundi watatu, redio, foleni ya wateja uani, pasi inayowaka tangu asubuhi. Ombi linalotaja cherehani ngapi, saa zipi, wateja wangapi na uniti ngapi linampa kitu anachoweza kukikubali au kukikataa kwa hoja.

Tuchukue mfano wa fundi mmoja wa Mabatini. Amepanga chumba kwa shilingi 50,000 kwa mwezi katika nyumba ya vyumba vitano. Wapangaji wote huchangia shilingi 10,000 kila mwezi, jumla shilingi 50,000, kwa ajili ya umeme. Ana cherehani moja iliyofungwa mota ndogo, pasi ya umeme, na taa anayoiwasha akishona. Anakusudia kufanya kazi siku 26 kwa mwezi.

Kila kifaa cha umeme kina kibandiko kinachoonyesha kinatumia wati ngapi, na wati 1,000 zikitumika kwa saa moja ni uniti moja. Mota yake ni ya wati 100. Akishona saa 4 kwa siku ni uniti 0.4. Taa yake ni ya wati 10, na ikiwaka saa 5 haifikii hata uniti 0.1, kwa hiyo haina uzito katika hesabu hii. Pasi ni ya wati 1,000, nayo ndiyo inayobadili kila kitu. Kwa kuwa pasi hujizima na kujiwasha yenyewe ikishapata moto, tukadirie kuwa inakula umeme nusu ya muda inapokuwa kwenye soketi. Ikikaa kwenye soketi saa 2 kwa siku, ni uniti 1 nzima. Kwa siku 26, cherehani inatumia uniti 10 na kidogo, taa uniti 1 na kidogo, na pasi uniti 26. Jumla ni takribani uniti 38 kwa mwezi.

Sasa tafuta bei ya uniti katika nyumba yenu. Chukua risiti ya LUKU, kisha gawa fedha zilizolipwa kwa uniti zilizopatikana. Usitumie risiti ya manunuzi ya kwanza ya mwezi bila kuisoma vizuri, kwa sababu hapo hukatwa kodi ya jengo, nayo itakufanya uone uniti kuwa ghali kuliko ilivyo. Kwa mita ya matumizi ya kawaida, uniti moja imekuwa takribani shilingi 356 kodi zote zikiwa ndani. Kwa bei hiyo, shilingi 50,000 za nyumba ile hununua uniti 140 hivi, na uniti 38 za fundi wetu zinafika shilingi 13,500.

Tazama maana ya hesabu hiyo. Fundi akiendelea kuchangia shilingi 10,000 kama wengine, umeme uliokuwa unatosha mwezi mzima utakwisha siku sita hivi kabla, na nyongeza ikigawanywa sawa, kila chumba kitaongeza shilingi 2,700 kwa kazi isiyokuwa yake. Fedha hiyo ni ndogo kwa mtu mmoja, lakini ndiyo inayoanzisha maneno uani. Tazama pia kwamba kati ya shilingi 13,500, zaidi ya 9,000 ni za pasi peke yake. Mwenye nyumba akisikia “cherehani ya umeme” huogopa cherehani, kumbe mlaji ni pasi. Fundi anayejua hivyo ana njia tatu za kuchagua kabla hajaomba ruhusa: kukusanya nguo na kuzipiga pasi kwa mkupuo mmoja badala ya kuiacha pasi kwenye soketi mchana kutwa, kununua pasi ya mkaa, ambayo mafundi wengi bado wanaitumia, au kuacha mambo yabaki yalivyo na kulipia. Akichagua pasi ya mkaa, gharama yake ya umeme inashuka hadi shilingi 4,000 hivi, ila mkaa lazima awashie nje, na asikae na pasi hiyo chumbani mlango na dirisha vikiwa vimefungwa, kwa kuwa hewa ya mkaa huua bila harufu.

Usitegemee makadirio yangu tu. Siku ambayo wapangaji wengine wamekwenda kazini, soma uniti zilizobaki kwenye mita, piga pasi na kushona kwa saa moja kama utakavyofanya kazini, kisha soma tena. Tofauti hiyo, ukiondoa kinachoendelea kuwaka katika vyumba vingine kama friji, ni ushahidi ambao hakuna atakayebishana nao.

Jaribio hilo lina faida nyingine. Ukimaliza, chomoa pasi kwenye soketi na uguse plagi yake. Ikiwa ya moto, au ukisikia harufu ya plastiki iliyoungua, au taa zilikuwa zinafifia kila pasi ilipojiwasha, basi waya wa chumba chako ni mwembamba au umelegea kwenye soketi, na hapo huombi ruhusa kwanza. Unaomba soketi iangaliwe na fundi umeme mwenye leseni. Chumba cha fundi nguo kimejaa vitambaa, nyuzi na karatasi za kukatia, na moto wa soketi hautasubiri mkataba. Kuchomeka pasi kwenye ekstensheni moja pamoja na cherehani na chaja za simu ni chanzo kile kile cha hatari.

Kwa anayesuka nywele, mzani unabadilika. Kusuka kwa mkono hakutumii umeme wowote, kwa hiyo hesabu yake itahusu maji, harufu na muda wa mteja. Mteja wa kushona hukaa dakika chache akapimwa na kuondoka, wakati mteja wa rasta anaweza kukaa kutwa nzima, akahitaji choo, akaja na mtoto. Kama unaosha nywele na kupaka dawa, andika ndoo ngapi kwa siku na maji machafu yatamwagwa wapi, kwa sababu nywele zilizokatika huziba karo la uani upesi, na bili ya maji ya MWAUWASA nayo huchangiwa. Ukitumia drai, soma kibandiko chake na uipigie hesabu kama ya pasi.

Hatua ya tatu: zungumza na wale utakaowagusa

Wapo wanaoshauri mpangaji aende moja kwa moja kwa mwenye nyumba, kisha majirani waambiwe baadaye. Sikubaliani nao. Katika nyumba ya uani habari hazikai, na jirani akisikia mpango wako kwa mtu mwingine atamfikia mwenye nyumba kabla yako, akiwa na maelezo yake. Hata hivyo usiitishe kikao cha wapangaji, maana kitaonekana kama unatafuta kundi la kumshinikiza mwenye nyumba. Inatosha kuzungumza na watu wawili: anayekusanya fedha za LUKU, na yule ambaye mmetenganishwa na ukuta mmoja.

Kwa mkusanyaji, onyesha hesabu na useme utaongeza kiasi gani juu ya mchango wako. Kwa jirani wa ukutani, uliza kwa upole: “Dada, mtoto hulala saa ngapi mchana? Na shemeji akitoka zamu ya usiku hulala mpaka saa ngapi?” Majibu hayo ndiyo yatakayopanga saa zako. Cherehani juu ya sakafu ya saruji husikika chumba cha pili kwa mtetemo kuliko kwa sauti, na vipande vya mpira wa tairi vilivyowekwa chini ya miguu ya meza hupunguza mtetemo huo kwa kiasi kikubwa. Mfanyie jirani jaribio, akae kwake usikie anasemaje.

Angalia pia njia ya wateja. Nyumba nyingi za Mwanza zimepanda juu ya mawe, na njia ya kufika chumba cha mwisho hupita mbele ya milango ya wengine, mahali ambapo watu wanafua, wanapika na kuoga. Kama chumba chako kina dirisha au mlango wa upande wa barabara, panga wateja wapokelewe hapo. Kama hakina, punguza idadi: wateja kwa miadi ya simu, wasiozidi watatu au wanne kwa siku, na mteja mwanamume apimwe barazani au mlango ukiwa wazi. Hilo la mwisho linaweza kuonekana dogo, lakini ndilo mwenye nyumba atakaloambiwa kwanza na wambea.

Hatua ya nne: nenda ukamwone, ukiwa na barua mkononi

Chagua wakati ambao huna deni lolote la kodi wala la umeme, na mkataba wako umebakiza mwezi mmoja au miwili kwisha. Ukiomba wakati umeshalipa miezi sita mbele, mwenye nyumba hana nafasi ya kubadili chochote hadi muda huo uishe, na mara nyingi atachagua kukataa kuliko kusubiri. Usiende siku ile ile unayopeleka kodi, kwa kuwa fedha ikiwa mezani ombi lako litaonekana kama sharti. Na usianze kushona kwanza ukitegemea kuomba baadaye.

Mpigie simu kwanza uombe nafasi. Ukifika, mwamkie, muulize hali ya nyumbani, kisha sema shida yako bila kuzunguka sana. Maneno kama haya yanatosha: “Mzee, nimekuja na ombi. Unajua mimi ni fundi cherehani. Ningependa kushonea chumbani kwangu, mimi peke yangu, kwa cherehani moja. Najua utawaza umeme na wenzangu, ndiyo maana nimeandika kila kitu kwenye barua hii. Sikuhitaji unijibu leo.” Kumpa nafasi ya kufikiri ni muhimu, kwa sababu wenye nyumba wengi hawawezi kuamua bila kuzungumza na mama wa nyumba au watoto wao wakubwa, na ukimkamua jibu pale pale, jibu jepesi kwake ni hapana.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Hii hapa ya fundi wetu, ambayo unaweza kuibadilisha:

Chumba Na. 3,
Mabatini, Mwanza.
Tarehe ................

Kwa Mzee ................,
Mwenye nyumba.

YAH: OMBI LA RUHUSA YA KUSHONA NGUO KATIKA CHUMBA NILICHOPANGA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpangaji wako katika chumba namba 3 tangu ................ na sina deni la kodi wala la umeme.

Naomba ruhusa ya kufanya kazi ya ushonaji katika chumba hicho, huku nikiendelea kuishi humo. Nitatumia cherehani moja, na sitaajiri fundi mwingine wala kuweka mwanafunzi bila idhini yako. Nitashona kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Wateja watakuja kwa miadi na hawatazidi wanne kwa siku.

Kwa makadirio yangu nitatumia uniti 38 za umeme zaidi kwa mwezi. Naahidi kuchangia shilingi 14,000 juu ya mchango wangu wa kawaida wa shilingi 10,000, na kiasi hicho kirekebishwe kila baada ya miezi mitatu kwa kuangalia risiti.

Sitatoboa ukuta, sitaweka bango wala kubadili mlango bila ruhusa yako. Uharibifu utakaotokana na kazi yangu nitautengeneza kwa gharama zangu.

Naomba tuanze kwa majaribio ya miezi mitatu, na baada ya hapo uamue kama niendelee.

Wako mtiifu,
(jina, saini na namba ya simu)

Peleka nakala mbili, na umwombe asaini moja kuonyesha kuwa ameipokea. Saini ya kupokea bado haijawa ruhusa, na usiitumie hivyo.

Hatua ya tano: majibu unayoweza kupewa

Jibu la hatari kuliko yote ni lile tamu: “Fanya tu mwanangu, hakuna shida.” Mshukuru kwa dhati, kisha mwombe aandike chini ya barua yako “Nimekubali”, na kusaini. Mzee akisafiri au akiugua, anayekuja kusimamia nyumba hatajua mlichoongea.

Jibu la kawaida zaidi ni kukubali kwa kupandisha kodi. Tuseme anataka shilingi 70,000 badala ya 50,000. Hapo mwombe atenganishe mambo mawili anayoyachanganya: umeme, ambao umeshajitolea kuulipia, na matumizi ya chumba. Muulize nyongeza ya shilingi 20,000 ni kwa ajili ya nini. Kama anasema ni umeme, mwonyeshe kuwa utakuwa unaulipia mara mbili. Kama anasema chumba kitachakaa, hoja hiyo ni ya kweli kiasi, kwa sababu watu wengi wataingia na kutoka, na nyongeza ya shilingi 5,000 kwa mwezi ni jambo la kujadiliana. Fundi wetu akikubaliana kodi ya 55,000 na umeme wa 24,000, gharama yake mpya ni shilingi 19,000 zaidi kwa mwezi kuliko alivyokuwa analipa. Ajiulize ni magauni mangapi ya ufundi tu yanalipa kiasi hicho, na kama mwezi Februari, baada ya sare za shule kwisha, bado atayapata. Ikiwa jibu linamtia shaka, arudi kwenye pasi ya mkaa.

Wapo watakaosema, “Sitaki TRA waje kwangu.” Hofu hii isipuuzwe, kwa kuwa ina msingi. Mpangaji anayefanya biashara anapolipa pango la mahali pa biashara hutakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuiwasilisha TRA. Kwa pango la 55,000 ni shilingi 5,500 kwa mwezi. Kisheria kodi hiyo inatoka kwenye pato la mwenye nyumba, ilhali kwa mazoea wenye nyumba hutaka fedha yao ifike kamili, na ugomvi huzaliwa hapo. Mweleze ukweli huo mwenyewe, na mkubaliane ni nani ataibeba. Usimwahidi kwamba utafanya kazi kwa siri, maana mwezi utakapohitaji leseni au mkopo, mkataba huo huo utatakiwa.

Na akikataa kabisa, muulize kilichomsumbua. Kama ni wateja, unaweza kuomba kushona tu chumbani huku ukipokea na kupimia wateja kwenye kibaraza cha fundi mwenzako. Kama ni umeme, uliza kama atakubali ukifungiwa mita ndogo ya ndani kwa gharama zako, na mita hiyo ibaki kuwa mali ya nyumba. Akikataa hata hayo, cherehani ya miguu kwa nguo zako na za ndugu haihitaji ruhusa, lakini biashara utaitafutia mahali pengine.

Hatua ya sita: iandikwe kwenye mkataba

Ruhusa ikipatikana, andikeni karatasi ya nyongeza ya mkataba. Itaje matumizi mapya, yaani makazi na ushonaji, idadi ya cherehani, saa, kiasi cha umeme na namna kitakavyorekebishwa, kodi mpya na itaanza lini, nani anabeba kodi ya zuio, na muda wa notisi kama mmoja wenu atataka kusitisha. Msaini wote wawili, kila mmoja na shahidi wake, na mpeleke ofisi ya serikali ya mtaa ili mwenyekiti au mtendaji aione na kugonga muhuri. Mjumbe wa nyumba kumi anaweza kuwa shahidi mzuri kwa kuwa anawajua wote, ila muhuri unaohitajika ni wa serikali ya mtaa.

Karatasi hiyo itakusaidia pia halmashauri. Leseni ya biashara, iwe upande wa Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela, huombwa kupitia mfumo wa TAUSI, na utahitaji TIN pamoja na uthibitisho wa mahali unapofanyia kazi. Kama mauzo yako kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4, kiwango ambacho hakitozwi kodi ya mapato katika makadirio ya wafanyabiashara wadogo, uliza kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, utaratibu ulioanza mwaka 2018.

Miezi mitatu ya majaribio

Weka risiti zote za LUKU kwenye bahasha moja na uandike tarehe umeme ulipokwisha. Kama ulikuwa unafika tarehe 30 na sasa unakwisha tarehe 26 ingawa umelipa nyongeza yako, hesabu yako ina upungufu, au kuna mtu amenunua jiko la umeme. Rudia jaribio la kusoma mita, kisha zungumza na mkusanyaji kabla hajakufuata. Ishara nyingine za kuangalia ni jirani anayeacha kuitikia salamu, ndoo inayowekwa makusudi katika njia ya wateja, na choo kinachoanza kufungwa kwa kufuli mchana. Hilo la choo lina maana kwamba wateja wako wamekuwa wakikitumia na hakuna aliyejua nani atakisafisha. Jitolee zamu moja zaidi ya usafi kwa wiki.

Kila jioni pitisha sumaku sakafuni na mbele ya mlango. Kipande cha sindano kikimchoma mtoto anayecheza peku uani, ruhusa yako itakwisha siku hiyo hiyo, na mwenye nyumba atakuwa na haki.

Ikitokea ruhusa ikasitishwa, usibishane mbele ya wateja. Toa karatasi ya nyongeza, muonyeshe mwenye nyumba kifungu cha notisi, na umwombe muda huo uutumie kumaliza nguo ulizokwisha kuchukua malipo yake ya awali. Acha kupokea kazi mpya tangu siku hiyo. Akikataa kuheshimu notisi, anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha baraza la kata kwa usuluhishi, na likishindikana huko, migogoro ya pango husikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kote utaulizwa karatasi, kwa hiyo kabla hujaondoka piga picha barua, nyongeza ya mkataba na risiti za LUKU, na uzihifadhi kwenye simu ya mtu mwingine pia.